Tiketi Mbili, Wanunuzi Saba: Kisa cha Namba Iliyokuwa Halali Siku ya Alhamisi

Jumamosi moja ya Desemba, saa 2:10 usiku, nilikuwa geti la pili la tamasha moja hapa Dar es Salaam, nikisimamia vijana sita wenye mashine za kuskani tiketi. Kijana mmoja akainua mkono kuniita. Nilipofika nikamkuta mpwa wangu amesimama na rafiki yake, simu mkononi, na kioo cha mashine kimekuwa chekundu. Kimeandika: imeshatumika. Chini yake kuna muda na mahali: saa 11:52 jioni, geti la kwanza.

"Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitikia akaongeza, "Si ulisema ni halali?"

Nilisema. Alhamisi ya wiki ile alinitumia namba za tiketi mbili alizotaka kununua kwa mtu, nikaziingiza kwenye mfumo kwa mkono wangu, nikamjibu kwamba ziko sawa. Na zilikuwa sawa kweli. Nimefanya kazi ya mageti kwa miaka kadhaa, na kisa hiki kimenifundisha kwamba swali nililolijibu Alhamisi halikuwa swali alilohitaji kujibiwa. Nakieleza chote, pamoja na sehemu yangu, kwa sababu naona watu wengi bado wanauliza swali lile lile.

Tiketi za kawaida ziliuzwa shilingi 50,000 kila moja, zikaisha Jumatano mchana. Jioni ile mpwa wangu akaingia Instagram kwenye posti ya waandaaji na kusoma maoni. Kati ya watu waliokuwa wakiomba tiketi kulikuwa na dada mmoja aliyeandika kwamba amepata safari ya ghafla, ana tiketi mbili, na anaziuza kwa bei pungufu kidogo ya aliyonunulia ili zisimharibikie. Alitaka 90,000 kwa zote mbili.

Hapo tayari palikuwa na jambo la kusimama na kulifikiria. Mlanguzi wa tiketi huwa anapandisha bei, kwa kuwa anachotafuta ni faida na anajua tiketi zimekwisha. Mtu anayeshusha bei siku ambayo wenzake wako tayari kulipa mara mbili, huenda ni mwungwana aliyepata safari, na waungwana hao wapo, nimewahi kuwaona. Lakini bei ya chini ndiyo inayomfaa pia tapeli, kwa sababu yeye hauzi mara moja. Anauza mara nyingi, kwa hiyo kila mnunuzi anayeshawishika haraka ni nyongeza. Bei peke yake haithibitishi lolote, ila ni sababu tosha ya kupunguza mwendo.

Mpwa wangu si mtu wa kudanganywa kirahisi. Aliomba wapigiane simu ya video. Muuzaji akakubali, akamwonyesha barua pepe ya kampuni ya tiketi ikiwa na namba ya oda na tiketi mbili zenye alama za QR, huku akizifunika nusu kwa kidole. Akaomba kitambulisho, akatumiwa picha ya kitambulisho cha NIDA chenye sura ya mwanamke na jina linalofanana na la akaunti. Kisha muuzaji mwenyewe akasema maneno yaliyomtuliza kabisa: akamwandikia namba zilizo chini ya zile QR na kumwambia akahakiki mwenyewe kwanza, asilipe mpaka aridhike. Ndipo namba zikanifikia mimi.

Nilipomjibu, akafungua simu kulipa. Alipoingiza namba ya muuzaji, kabla ya namba ya siri, likatokea jina la mwanamume. Akauliza. Akajibiwa kuwa ni laini ya kaka yake, kwa sababu ya kwake imefikia kikomo cha siku, na atume na ya kutolea tafadhali. Akatuma. Dakika mbili baadaye tiketi zikaingia kwenye WhatsApp yake, safi, zikiwa na namba zile zile nilizozihakiki.

Ili kuelewa kilichotokea getini, inabidi kujua kwamba ile alama ya QR haina ufundi wowote wa ndani. Ni namba tu iliyochorwa kwa vidoti ili mashine iisome haraka. Mashine ikishaisoma, inauliza orodha iliyoko kwenye mfumo: namba hii ipo? Kama haipo, inakataa. Kama ipo na haijatumika, inawaka kijani, na papo hapo namba inawekwa alama kwamba imetumika. Anayefuata na namba hiyo hiyo anakuta nyekundu. Mfumo haujui na hauwezi kujua ni nani kati yenu aliyelipa pesa kwa haki. Unamjua aliyefika kwanza.

Kwa hiyo tiketi ya bandia ya kuchorwa, ile ambayo mtu anachukua tiketi ya zamani, anabadilisha tarehe na kubandika QR nyingine, ndiyo nyepesi kuigundua. Namba yake haimo kwenye orodha, na ukiskani QR kwa simu ya kawaida, mara nyingi unakuta inatoa namba tofauti na ile iliyoandikwa chini yake. Tiketi za aina hiyo tunazikuta kila tamasha, na kuhakiki namba mapema kunaziumbua.

Za mpwa wangu hazikuwa hivyo. Zilinunuliwa kihalali, Jumatatu, kwa 100,000. Kisha faili moja likatumwa kwa watu wengi. Usiku ule nilipopata nafasi ya kufungua kumbukumbu za mfumo nilikuta namba zile mbili zimejaribiwa na watu wa makundi saba, kila kundi watu wawili wawili. Wa kwanza waliingia saa 11:52 jioni kwa furaha, bila kujua kwamba wenzao sita wako njiani. Kundi jingine liliingia pia, kupitia geti la tatu, na hilo linahitaji maelezo. Watu wakijazana mahali pamoja, mtandao wa simu huzidiwa. Ukikatika, mashine zetu zinatumia orodha iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, na zinapelekeana taarifa mtandao ukirudi. Kwa robo saa geti la tatu lilikuwa limekatika, mashine yake haikujua kilichotokea geti la kwanza, ikawaka kijani. Ndiyo maana utasikia mtu akiapa kwamba aliwahi kununua skrinishoti na akaingia vizuri. Huenda anasema kweli, na bado hilo halikuhakikishii kitu.

Makundi matano yalirudishwa, mpwa wangu na rafiki yake wakiwa kundi la nne. Kama wote walilipa 90,000 kama yeye, muuzaji alitoa 100,000 akakusanya 630,000. Na kwenye hesabu za kampuni hapakuwa na tiketi ya bandia hata moja katika oda ile.

Sasa nirudi Alhamisi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kuokoa pesa.

Mimi niliangalia jambo moja: namba ipo, haijatumika. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa dakika ile, na lisingeweza kusema lolote kuhusu Jumamosi. Muuzaji alilijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza uhakiki ufanyike. Kila aliyehakiki alipata jibu zuri na akalipa akiwa na moyo mweupe. Baadaye niliona kwenye kumbukumbu kwamba kabla yangu namba zile zilikuwa zimeshaulizwa mara tano kwenye ukurasa wa kuhakiki, ndani ya siku moja. Mwenye tiketi yake hana haja ya kuihakiki mara tano. Kumbukumbu hizo nilikuwa na uwezo wa kuzifungua Alhamisi ile ile, sikufikiria kufanya hivyo.

Jambo la pili ni majina. Nilipohakiki, mfumo ulinionyesha jina la aliyenunua oda. Lilikuwa la mwanamume, tofauti na la akaunti ya Instagram. Mpwa wangu naye aliona jina la mpokea pesa, mwanamume mwingine. Tukawa na majina matatu ya watu watatu kwa tiketi mbili za dada mmoja aliyepata safari. Kila mmoja wetu aliona kipande chake, na hatukuulizana. Jina moja kutofautiana lina maelezo, watu hununua kwa simu za ndugu kila siku. Majina yote matatu yakipishana, mtu aache. Kitambulisho cha NIDA nacho hakikusaidia, kwa kuwa picha ya kitambulisho inathibitisha tu kwamba mtu fulani anacho kitambulisho hicho. Mara nyingi ni cha mtu aliyewahi kutapeliwa na akakituma akidhani anajilinda.

Jambo la tatu ndilo ambalo lingemaliza mchezo wote. Mfumo wetu una njia ya kuhamisha tiketi. Mwenye oda anaingia kwenye akaunti aliyonunulia, anaandika jina na barua pepe ya mtu anayempa, na mfumo unafuta namba ya zamani na kutoa mpya kwa jina jipya. Nakala zote za namba ya zamani zinakufa wakati huo huo, ziwe kwenye simu moja au ishirini. Nilipaswa kumwambia mpwa wangu amwombe muuzaji afanye hivyo. Mtu mwenye safari ya kweli angetumia dakika tano. Huyu angeanza kusema mfumo unasumbua, au barua pepe amesahau nywila, na hapo tungekuwa tumepata jibu letu.

Kuna mtego hapa pia, niuseme. Tapeli anaweza kutuma picha ya ujumbe wa kuhamishiwa, au barua pepe aliyoitengeneza ikafanana na ya kampuni. Tiketi iliyohamishwa kweli inakufikia kutoka kwa kampuni, nawe unaiona ukiingia kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa kuandika anwani ya tovuti kwa mkono wako na si kwa kubonyeza linki uliyotumiwa. Ukiiona hapo, ikiwa na jina lako, huna tena haja ya kujua muuzaji ameituma wapi kwingine.

Nchi nyingine wamelisogeza jambo hili mbele zaidi. Ticketmaster walianza mwaka 2019 kutumia tiketi iitwayo SafeTix, ambayo alama yake inabadilika kila baada ya sekunde chache ndani ya programu ya simu. Skrinishoti ya tiketi ya namna hiyo haikuingizi, iwe imeuzwa na tapeli au na ndugu yako. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wakiuziwa tiketi hizo kwa picha, waelewe kwamba kilichouzwa ni picha tu. Hata hivyo teknolojia hiyo haijamaliza wizi, kwa kuwa wizi unafanyika kabla ya kufika getini. Ziara ya Taylor Swift ilipokuwa inakaribia Uingereza mwaka 2024, benki ya Lloyds ilikadiria kwamba mashabiki wa nchi ile walikuwa wameshapoteza zaidi ya pauni milioni 1 kwa wauzaji wa tiketi hewa, na ikasema sehemu kubwa kabisa ya visa hivyo ilianzia Facebook. Wengi wa hao hawakupewa hata tiketi ya kunakiliwa. Walilipa, muuzaji akanyamaza.

Tatizo letu ni kwamba si kila mwandaaji hapa ana mfumo wenye kuhamisha jina. Wengine wanatuma namba kwa ujumbe mfupi, wengine faili tu, basi. Katika hali hiyo mimi naona njia moja ya kununua kwa mtu usiyemjua, nayo ni kulipa baada ya kijani. Mnakutana nje ya geti, mnakwenda pamoja kwa msimamizi, mnamweleza, tiketi inaskaniwa, unavishwa bangili ya mkononi, na hapo hapo, kabla hujapiga hatua ya kuingia, unatuma pesa mbele ya wote. Nimewaruhusu watu kufanya hivyo kwenye geti langu mara kadhaa na haichukui dakika tatu. Muuzaji anayeogopa kwamba utakimbilia ndani bila kulipa ana hoja, na ndiyo maana msimamizi anasimama katikati. Muuzaji aliyeko "safarini Mwanza" hawezi kuja, nami nakiri kwamba njia hii inamkosesha mauzo yule mmoja aliye mkweli. Bado naishikilia.

Tukaelekea upande wa pesa. Usiku ule ule mpwa wangu alipiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wake. Aliambiwa kwa upole kwamba muamala wa kutuma kwa hiari hauwezi kurudishwa kama unavyorudishwa wa namba iliyokosewa, kwa sababu hapa namba haikukosewa. Wangeweza kuzuia kiasi kilichobaki kwenye ile laini, lakini hapakuwa na kilichobaki. Pesa zilitolewa kwa wakala siku ile ile ya Alhamisi. Siku mbili kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ameibiwa! Hapo ndipo ukatili wa mbinu hii ulipo. Anayelipa na kutopewa kitu hugundua ndani ya saa moja na kupiga simu pesa ikiwa bado ipo. Aliyepewa tiketi halali analala usingizi mzuri mpaka Jumamosi, na muuzaji anakuwa na siku mbili za kutoa pesa, kuzima laini na kufuta akaunti.

Akaunti ya Instagram ilipotea saa 4 usiku. Bahati nzuri mpwa wangu alikuwa amehifadhi picha za mazungumzo yote kabla hajatukana mtu. Nasisitiza hilo kwa sababu WhatsApp inamruhusu mtumaji kufuta ujumbe wake kwa pande zote mbili hata baada ya siku mbili, na tusi la kwanza ndilo linalomkumbusha kufuta. Kilichotakiwa polisi kilikuwa kile kile: ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, namba ya simu, jina lililotokea, mazungumzo, na tiketi yenyewe. Jumatatu alifungua RB kituoni. Namba ile pia aliituma kwenda 15040, namba ambayo TCRA imeitenga kwa kuripoti laini za matapeli. Hilo halirudishi pesa ya mtu, ila linasaidia laini ifungwe isiibie wengine.

Jumanne mpwa wangu aliandikiwa na mtu aliyejiita mtaalamu wa kurudisha pesa. Mtu huyo alikuwa ameona malalamiko yake mtandaoni. Alitaka 20,000 ya kuanzia. Safari hii mpwa wangu alinipigia kabla ya kutuma, nami sikuhitaji kufungua mfumo wowote ili kumjibu.

Wiki tatu baadaye polisi walimpata mwenye laini. Alikuwa kijana mwanafunzi, na jina lake ndilo lile lililotokea kwenye simu. Hakuwa na habari. Alipobanwa alikumbuka kwamba mwezi Septemba alisajiliwa laini na wakala wa barabarani, akaambiwa aweke kidole, kisha akaambiwa aweke tena kwa sababu mtandao unasumbua, kisha mara ya tatu. Kila kidole kilikuwa laini mpya. Walimwambia apige *106# pale pale kituoni aangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Alikuta laini tatu. Moja ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni.

Mbili nyingine zilifungwa siku ile. Jina la aliyenunua oda lilikuwa la mtu mwingine ambaye hajapatikana, na RB iko wazi mpaka leo. Kampuni haikuwarudishia pesa wale watano, kwa kuwa haikuwauzia wao, nami sikuona namna ya kuidai. Nilichoweza kudai ni kitu kimoja, na kikafanyika Januari: ukurasa wetu wa kuhakiki hauandiki tena neno "halali" peke yake. Unaandika kwamba namba ipo, haijatumika mpaka sasa, na kwamba imeulizwa mara ngapi.